Mibofyo 412, ziara 263: ripoti ya video ya udhamini iandikweje

Ujumbe uliingia Jumatatu asubuhi, siku moja baada ya ripoti kutumwa. Afisa masoko wa kampuni inayouza sufuria za presha za umeme hapa Kampala alimwandikia mtengeneza video waliyemlipa aitangaze bidhaa yao: "Dada, asante kwa ripoti. Ila linki yako inasema wamebofya 412, na tovuti yetu inasema wamefika 263. Hao 149 wamepotelea wapi?"

Aliuliza kwa adabu. Lakini kila aliyewahi kuandika ripoti ya video ya udhamini anajua kinachofuata baada ya swali kama hilo. Likijibiwa kwa kubabaika, mkataba wa pili hauji.

Nimelibeba swali hilo kichwani wiki kadhaa sasa. (Bidhaa na tarakimu nimezibadilisha ili wahusika wasijulikane, hesabu yenyewe nimeiacha ilivyo.) Linanisumbua kwa sababu majibu mawili yanayokuja haraka mdomoni yote ni mabaya. La kwanza ni kung'ang'ania 412 na kusema tovuti yao ina kasoro. La pili ni kuinamisha kichwa, kukubali 263, na kumwachia mteja aamini kwamba ile namba kubwa ilikuwa ya kujipamba.

Namba zote mbili ni za kweli.

Kila moja inahesabu kitu chake, na ripoti haikusema ni kitu gani.

## Linki tatu kwa kazi moja

Kazi ilikuwa hivi: video ya dakika 9 YouTube, kipande kifupi TikTok, na tangazo kwenye status ya WhatsApp. Kila mahali palipewa linki yake. Hapo dada alifanya vizuri, maana anayetumia linki moja kila mahali hujua watu wamekuja ila hajui wametoka wapi.

Linki ndefu ya YouTube, yenye mkia wa alama unaoiambia tovuti mtu ametoka wapi, ilikuwa na sura hii:

```
https://duka.example/presha
?utm_source=youtube
&utm_medium=video
&utm_campaign=presha_mei
&utm_content=maelezo
```

Nimeikata mistari ili isomeke. Ikitumika inaandikwa mfululizo, bila nafasi hata moja. Ya TikTok inabadilisha `utm_source` kuwa `tiktok` na `utm_content` kuwa `bio`, ya WhatsApp inakuwa `whatsapp` na `status`. Jina la kampeni halibadiliki popote, kwa sababu ndilo linalozikusanya zote tatu mtu anapotafuta baadaye.

Herufi kubwa ni mtego. Google Analytics, chombo ambacho tovuti ya kampuni inatumia kuhesabu wageni wake, huona `YouTube` na `youtube` kama vyanzo viwili tofauti, na utakuta safu mbili kwenye jedwali, kila moja na nusu ya watu wako. Andika herufi ndogo tupu na uunganishe maneno kwa mstari wa chini. Kabla kazi haijaanza, ziweke linki zote kwenye jedwali moja mnaloliona wewe na kampuni, asije mtu wa kampuni akatunga yake ya nne ambayo huijui.

Kisha kila linki ndefu inafupishwa, na hapo kuna sababu mbili. Moja, hakuna mtu atakayeandika mkia ule wote kwa kidole. Pili, na hii ndiyo kubwa, huduma ya kufupisha linki inakupa hesabu *yako*, unayoweza kuiona bila kumwomba mtu ruhusa. Hesabu ya tovuti ni mali ya kampuni.

Ukichagua neno la mwisho la linki fupi, chagua linaloweza kutamkwa na kusikika: `presha-yt` inatosha. Epuka sifuri na herufi O, epuka moja na herufi l, na usichanganye herufi kubwa na ndogo, kwani huduma nyingi za kufupisha huzitofautisha na mtu ataishia kwenye ukurasa wa kosa.

## Jaribio la dakika tano ambalo watu hulikwepa

Kabla video haijatoka, bofya linki yako mwenyewe kwa simu, ukurasa ukifunguka tazama anwani juu. Je, `?utm_source=...` bado ipo?

Wakati mwingine haipo. Tovuti nyingi hukuhamisha kimyakimya, kutoka `http` kwenda `https`, au kutoka anwani yenye `www` kwenda isiyo nayo, na katika kuhama huko mkia unaweza kukatwa. Mtu anafika salama, ila alama zake zimeanguka njiani. Kwenye Google Analytics mara nyingi ataonekana kama `(direct) / (none)`, yaani mtu aliyejileta mwenyewe. Video yako inaleta watu na sifa inakwenda kwa hewa.

Dawa yake ni kubofya, kuona anwani ya mwisho ilivyo, kisha kutengeneza linki yako juu ya anwani hiyo ya mwisho badala ya ile uliyopewa kwenye karatasi. Halafu mwombe mtu wa kampuni afungue ripoti ya `Realtime` wakati unabofya, ahakikishe chanzo chako kinatokea.

Mwombe jambo la pili hapohapo: akuongeze kwenye Google Analytics yao kwa kiwango cha `Viewer`. Kiwango hicho hakikuruhusu kubadilisha chochote, na wakiogopa uone mapato yao, kuna kizuizi cha `No Revenue Metrics` wanachoweza kukiweka juu yake. Wakikataa kabisa, mkubaliane nani atakutumia jedwali na siku gani. Ombi hilo ni jepesi kabla ya malipo na zito sana baada yake.

## Mahali ambapo linki haibofyeki

Hili wengi mnalijua, nitapita haraka. Maelezo ya video ndefu ya YouTube yana linki hai. YouTube Shorts hazina: tangu 31 Agosti 2023 linki zilizo kwenye maelezo na maoni ya Shorts hazibofyeki, hivyo Shorts iunganishe na video yako ndefu na uiache linki ifanye kazi kule. Maandishi chini ya video ya TikTok au picha ya Instagram hayabofyeki pia, linki inakaa kwenye bio au, kwa Instagram, kwenye stika ya stori.

Facebook ni habari ya peke yake hapa Uganda. Imefungwa tangu Januari 2021 na wanaoitumia wanapitia VPN. Shika hilo, tutalirudia tukifika kwenye ramani.

## Zile 149

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Hesabu ya jumla haisemi chochote mpaka uigawe kwa linki.

YouTube: mibofyo 231, ziara 178. TikTok: mibofyo 126, ziara 61. WhatsApp: mibofyo 55, ziara 24.

Ukizitazama hivyo, unaona pengo haliko sawa. Kwa YouTube walifika zaidi ya robo tatu. Kwa TikTok haikufika nusu, na kwa WhatsApp pia. Kama kasoro ingekuwa kwenye tovuti nzima, pengo lingelingana kila mahali. Halilingani, kwa hiyo kila njia ina ugonjwa wake.

Kuna mambo matatu yanayokula mibofyo, na kila moja lina dalili yake.

Kwanza, mbofyo na ziara si kipimo kimoja. Huduma ya kufupisha huhesabu kila mara linki inapoguswa. Google Analytics huhesabu ziara, na ziara haiishi mpaka mtu akae dakika 30 bila kufanya lolote. Mtu akibofya, akarudi kwenye video kusikiliza bei tena, akabofya, akamwonyesha mke wake akabofya mara ya tatu, hiyo ni mibofyo mitatu na ziara moja. Dalili yake ni pengo la wastani, linalotokea kila njia na kila siku bila kishindo. Sehemu kubwa ya zile 53 za YouTube naiweka hapa. Wala si habari mbaya: mtu anayebofya mara tatu ana hamu.

Pili, ukurasa mzito. Mbofyo unaandikwa kabla ukurasa haujafunguka. Ziara inaandikwa baada ya ukurasa kuanza kufunguka na msimbo wa Google Analytics kufanya kazi. Katikati ya hayo mawili kuna mtandao wa simu, kuna simu ya bei nafuu, na kuna bando ambalo mtu amelinunua pamoja na ushuru wa asilimia 12 juu ya data uliowekwa Julai 2021. Anayetazama TikTok anafungua linki ndani ya TikTok hiyohiyo, na video inayofuata inamsubiri kidole kimoja tu kutoka hapo. Skrini ikibaki nyeupe sekunde tano au sita, amerudi. Kwako ni mbofyo, kwa kampuni hakuwahi kuwepo.

Jinsi ya kuthibitisha: chukua simu ya kawaida yenye bando la kawaida, usitumie waifai ya ofisini. Fungua linki kutoka ndani ya TikTok na uhesabu sekunde mpaka bei ionekane. Kisha pima uzito wa ukurasa kwa kompyuta: kwenye Chrome bonyeza F12, nenda `Network`, pakia upya ukurasa, usome jumla pale chini. Ukurasa wa sufuria ulikuwa na picha sita zilizopakiwa moja kwa moja kutoka kwenye kamera, na kwa pamoja zilipita MB 5. Picha hizohizo zikipunguzwa upana hadi pikseli 1,000 hivi, zote sita hazifiki MB 1. Hilo ni pendekezo la kuandika kwenye ripoti, na ni pendekezo la thamani kuliko tarakimu nyingi zilizomo.

Tatu, waliobofya si watu. Ukiibandika linki WhatsApp, kile kipicha na kichwa cha habari kinachojitokeza kimetokana na simu ya mtumaji kwenda kuichungulia linki. Kila anayeibandika upya, simu yake inachungulia tena. Facebook na mitandao mingine nayo ina roboti zao za kazi hiyo. Huduma nyingine za kufupisha huzichuja ziara hizi, nyingine hazichuji au huchuja nusunusu. Google Analytics kwa kawaida haizioni kabisa, kwa sababu roboti hizi huchukua maandishi ya ukurasa na kuondoka bila kuendesha msimbo uliomo ndani.

Dalili ya roboti ni saa. Fungua grafu ya mibofyo kwa saa. Ukiona mibofyo imerundikana palepale ulipobandika linki, kabla hata mtu hajapata nafasi ya kusoma, hizo ni mashine. Kwa zile 55 za WhatsApp, rundo la namna hiyo lilikuwepo kila status ilipowekwa upya.

## Ramani inayodanganya

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu zaidi.

Ushauri unaopatikana kila mahali ni kwamba mibofyo kutoka nchi ambazo huna watazamaji ni roboti, itoe. Ushauri huo unafaa kwingine. Uganda unakupotosha. Mtu wa Ntinda aliyewasha VPN asubuhi afungue Facebook, akasahau kuizima, ataonekana yuko Uholanzi anapobofya linki yako ya YouTube mchana. Ukimfuta, umemfuta mnunuzi.

Kwa hiyo nchi peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Tazama mwenendo. Google Analytics ina kipimo cha `Engaged sessions`: ziara iliyozidi sekunde 10, au iliyofungua kurasa mbili na zaidi, au iliyofanya tukio muhimu. "Mholanzi" aliyekaa dakika mbili kwenye ukurasa wa sufuria na kubonyeza kitufe cha WhatsApp chenye namba ya 256 ni wa hapahapa, mwache ndani. Mibofyo ya nje iliyoingia kwa sekunde moja na isiyokuwa na ziara hata moja upande wa tovuti, hiyo weka kando.

Na kwenye ripoti usiweke ramani ya nchi bila mstari huu chini yake: *sehemu ya wageni wa Uganda wanaonekana nchi nyingine kwa sababu ya VPN*. Ukiiacha tupu, mtu wa fedha atauliza kwa nini analipia watazamaji wa Uholanzi, na atakuwa na haki ya kuuliza.

## Mauzo hayapiti kwenye linki

Tovuti nyingi za biashara ndogo hapa ni dirisha la duka tu. Mtu anaangalia bei, kisha anahamia WhatsApp kuuliza kama kuna rangi nyekundu na kama boda itafika Kireka. Analipa kwa simu, MTN au Airtel. Kuanzia hapo Google Analytics haina habari naye.

Alama yako lazima ivuke naye hadi huko. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni linki ya WhatsApp yenye ujumbe uliokwishaandikwa:

```
https://wa.me/2567XXXXXXXX?text=Habari%2C%20nauliza%20sufuria%20ya%20presha%20(YT1)
```

Namba inaanza na 256, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. `%20` ni nafasi na `%2C` ni mkato. Ile `YT1` mwishoni ndiyo alama: kwenye maelezo ya YouTube unaweka `YT1`, kwenye bio ya TikTok `TT1`. Mteja akibofya, ujumbe unajitokeza tayari, yeye anabonyeza kutuma tu. Anayejibu simu ya kampuni anaona alama na kuweka lebo ya rangi kwenye mazungumzo hayo ndani ya WhatsApp Business. Akiuza, anaandika alama hiyohiyo kwenye daftari la mauzo mbele ya jina.

Mfumo huu unavujia sehemu mbili. Wapo wanaofuta ujumbe na kuandika wao, "Hello, bei gani?" Na wapo wanaonakili namba na kupiga simu. Kwa hao hakuna teknolojia, kuna swali moja la mdomo: "Umetuonea wapi?" Mkubaliane na kampuni kwamba anayepokea simu ataliuliza kila mara, na ataandika jibu kwa maneno ya mteja. "Kwa ile video ya yule dada anayepika" ni jibu linalohesabika, ila liwekwe kwenye safu yake.

Msimbo wa punguzo ni alama nyingine, na una faida kwamba mteja mwenyewe ana hamu ya kuutaja. Ubaya wake ni kwamba unasambaa. Ukitajwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, watautumia watu ambao hawajawahi kuiona video. Nadhani hilo linastahili kuhesabiwa kwako, maana umesambaa kwa sababu yako, lakini liseme waziwazi.

Kwa sufuria, hesabu ya siku 14 ilitoka hivi. Ujumbe wenye `YT1` ulikuwa 29 na mauzo 8. Wenye `TT1` ulikuwa 9 na mauzo 1. Waliolipia tovutini kwa msimbo wa punguzo walikuwa 2. Hao ni 11 wenye alama. Wengine 3 walinunua bila alama yoyote ila walipoulizwa walitaja video.

Je, mauzo ni 11 au 14?

Andika yote mawili. Bei baada ya punguzo ilikuwa shilingi 300,000, na malipo ya video shilingi 1,500,000. Kwa mauzo 11, kila mauzo yaligharimu kampuni kama shilingi 136,000 za matangazo. Kwa 14, kama 107,000. Mpe mteja mwanzo na mwisho wa kadirio, afanye hesabu yake. Wewe hujui faida yake kwa sufuria moja, hujui ilimfikia dukani kwa bei gani, kwa hiyo usiandike popote kwamba kampeni "imerudisha pesa" au "imeleta faida". Shilingi 4,200,000 ni mauzo. Faida ataitafuta mwenyewe, na akikuta umemwandikia faida usiyoijua, hataamini hata zile namba ulizozipata kwa haki.

## Siku ya YouTube inaanza saa nne asubuhi

Kuna tofauti nyingine ndogo inayozua ubishi mkubwa: tarehe. YouTube Studio huhesabu siku kwa saa za Pasifiki za Marekani. Usiku wa manane wa kule ni saa nne asubuhi hapa, au saa tano wakiwa kwenye majira yao ya baridi. Tovuti ya kampuni, kama imepangwa sawasawa, inafuata saa za Kampala. Video ikitoka Ijumaa saa mbili asubuhi, YouTube itaziandika saa zake za kwanza kwenye Alhamisi.

Ukilinganisha siku kwa siku utachanganyikiwa. Linganisha kwa kipindi kizima cha siku 14, na uandike chini kwamba saa za YouTube si za hapa. Pia subiri siku mbili baada ya kipindi kuisha kabla ya kuchota namba, kwani Google Analytics huchukua saa 24 hadi 48 kukamilisha hesabu zake. Ripoti inayotoka siku ya 14 jioni itapingana na tovuti siku ya 16, hata kama kila mtu alikuwa mkweli.

Kama ulikuwa na Shorts, kuna jambo la kuongeza. Tangu 31 Machi 2025, Shorts inahesabiwa imetazamwa mara tu inapoanza kucheza, hata sehemu ya sekunde. Kipimo cha zamani bado kipo kwenye takwimu kwa jina la `Engaged views`. Ripoti hicho. Namba kubwa itapendeza wiki moja, kisha mtu atailinganisha na mauzo.

## Ripoti yenyewe

Ukurasa mmoja. Nimeona za kurasa kumi na mbili zenye grafu za rangi zote, na anayezipokea husoma mstari wa kwanza na wa mwisho. Ya sufuria, ikiandikwa upya, ningeiandika hivi:

> Sufuria ya presha: matokeo ya siku 14 za kwanza
>
> Video ya YouTube ilitazamwa mara 8,640. Sehemu ya sufuria (3:10 hadi 4:05) ilianza ikiwa na asilimia 58 ya watazamaji na kuisha ikiwa na asilimia 49.
>
> Linki zilibofywa mara 412 (kila mguso, pamoja na marudio na baadhi ya roboti). Tovuti iliandika ziara 263: YouTube 178, TikTok 61, WhatsApp 24.
>
> Ujumbe wa WhatsApp wenye alama: 38. Mauzo yenye alama: 11. Mauzo ya waliotaja video bila alama: 3. Jumla ya mauzo ni kati ya shilingi 3,300,000 na 4,200,000.
>
> Pengo kati ya mibofyo na ziara ni kubwa zaidi TikTok. Ukurasa una uzito wa zaidi ya MB 5. Tunapendekeza picha zipunguzwe kabla ya video inayofuata.
>
> Kisichopimwa: waliokwenda dukani moja kwa moja, na waliopiga simu bila kuulizwa. Namba za tovuti zilichukuliwa siku ya 16.

Mstari wa asilimia 58 na 49 unatoka YouTube Studio, kwenye grafu ya kubaki kwa watazamaji. Unajibu swali ambalo linki haiwezi kulijibu: je, watu waliruka tangazo? Hapa hawakuruka. Kupungua kwa sehemu tisa ndani ya sekunde 55 ni mteremko wa kawaida. Kama grafu ingedondoka kama shimo na kupanda tena baada ya 4:05, ingemaanisha watu wamesogeza mbele, na mibofyo michache ingekuwa na maelezo yake.

Mabano yale baada ya 412 ndiyo yangezuia ujumbe wa Jumatatu. Maneno tisa tu. Na mstari wa kisichopimwa usiufute hata kama unaona unakupunguzia sifa. Msomaji makini ataviona vitu hivyo mwenyewe, na ni afadhali avione kwa mkono wako.

Kuhusu picha za skrini, ziweke kwenye faili ya pembeni, kila moja ikionyesha tarehe na kipindi. Hazihitajiki ndani ya ukurasa. Zinahitajika miezi mitatu baadaye, afisa masoko mpya akija na kuuliza kila kitu upya.

## Baada ya siku 14

Kipande cha TikTok huwa kimekwisha kazi ndani ya wiki mbili. Video ya YouTube haiko hivyo, watu wataipata kwa kutafuta mapishi mwezi wa sita na wa saba. Kwa hiyo chukua namba mara ya pili siku ya 30, aya tatu tu, linki zilezile na mpangilio uleule, na uitume bila kuombwa.

Usiifute linki fupi. Usiielekeze kwa mteja mwingine kwa sababu neno ni zuri. Na mwandikie mtu wa kampuni mapema kwamba siku watakapouondoa ukurasa wa sufuria, waelekeze anwani ile kwenye ukurasa mwingine wa duka lao, la sivyo kila atakayebofya chini ya video yako ataona kosa la 404, na maoni ya kulalamika yataandikwa kwenye chaneli yako, wao hawatayaona.